Sakifa, Siffin au Karbala: uanzie wapi kueleza chanzo cha Sunni, Shia na Ibadhi?

Mwalimu wa historia, mwanafunzi mwenye insha ya kuandika, au mzazi aliyeulizwa swali na mtoto wake baada ya kuona matembezi ya Muharram, wote wanakutana na ugumu uleule. Wanajua kwamba Waislamu waligawanyika kuhusu nani aongoze baada ya Mtume Muhammad (S.A.W.), lakini hawajui waanzie wapi kusimulia. Kuna mahali patatu panapotumika sana. Wengine huanzia mkutano wa Sakifa mwaka 632. Wengine huanzia kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656 na vita vya Siffin vilivyofuata. Wengine huanzia Karbala, mwaka 680.

Kuchagua pa kuanzia si jambo dogo. Ukianza na Sakifa, mgogoro utaonekana ni wa hoja. Ukianza na Siffin, utaonekana ni wa dola changa iliyoshindwa kumaliza kesi ya mauaji. Ukianza na Karbala, utaonekana ni wa dhuluma na damu. Yote yamo, ila hayana uzito sawa kwa kila msikilizaji. Hapa nayaweka bega kwa bega kwa maswali manne: nani waligombana, waligombea nini, makundi gani yalitoka pale, na je, makundi hayo ndiyo tunayoyaona leo? Nitasema mapema kwamba mimi naegemea Siffin, na sababu zangu zitaonekana njiani.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Swali la nani alikuwa na haki silijibu hapa. Kila madhehebu yana wanazuoni wake na majibu yake. Ninachotazama ni siasa ya wakati ule: nani alikuwa na nguvu gani, alihofia nini, na alichukua hatua ipi.

Sakifa, 632: hoja zote zipo, makundi hayapo

Mtume alifariki Madina mwezi wa Juni mwaka 632, mwaka wa 11 Hijria. Kabla hajazikwa, Ansari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea, walikusanyika chini ya banda, yaani sakifa, la ukoo wa Banu Saida. Walitaka kumpa uongozi Saad bin Ubada, mkuu wa kabila la Khazraj, aliyeletwa mgonjwa amefunikwa nguo. Hofu yao inaeleweka. Walikuwa wamewapa Waislamu wa Maka makazi na ulinzi, na sasa Makureshi waliokuwa maadui zao miaka michache tu nyuma walikuwa wamesilimu kwa wingi. Nani angewahakikishia kwamba hawatageuzwa raia wa daraja la pili ndani ya mji wao wenyewe?

Habari ilimfikia Umar. Akaenda pamoja na Abubakar na Abu Ubaida bin Jarrah, watu watatu tu wa Muhajirina, yaani Waislamu waliohama kutoka Maka, wakaingia mkutanoni bila kualikwa. Hoja ya Abubakar ilikuwa ya kisiasa waziwazi: Waarabu hawatamtii mtu asiyetoka Kureshi. Hubab bin Mundhir wa Ansari akapendekeza wawe na viongozi wawili, mmoja kutoka kila upande. Umar akakataa. Kelele zilipozidi, Umar akamwambia Abubakar anyooshe mkono, akampa baia, yaani ahadi ya utii, na wengine wakafuata.

Mbona Ansari, waliokuwa wengi na wako kwao, walishindwa? Hapa ndipo siasa ya Madina yenyewe inapoingia. Ansari walikuwa makabila mawili, Aus na Khazraj, yaliyopigana vita vikali miaka michache kabla ya Hijra. Aus hawakutaka kuona mtu wa Khazraj akiwa mtawala, kwa kuwa heshima hiyo ingewabana milele. Usaid bin Hudhair, mkubwa wa Aus, akampa Abubakar baia. Hata ndani ya Khazraj kulikuwa na wivu: Bashir bin Saad, wa kabila hilohilo, naye akatoa mkono. Saad bin Ubada hakutoa baia. Baadaye alihamia Shamu, yaani eneo la Siria, na kufia huko.

Wakati hayo yakiendelea, Ali bin Abi Talib, binamu na mkwe wa Mtume, alikuwa nyumbani na jamaa wa Banu Hashim wakishughulikia maiti. Hakuulizwa. Kwa riwaya iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari, Ali hakutoa baia mpaka mkewe Fatima, binti wa Mtume, alipofariki, miezi sita baadaye. Na Umar mwenyewe, karibu na mwisho wa ukhalifa wake, alisema juu ya mimbari kwamba baia ya Abubakar ilikuwa jambo la ghafla ambalo Mungu aliepusha shari yake, na akaonya mtu asiirudie bila mashauriano. Kauli hiyo imo katika vitabu vya Sunni, si vya wapinzani wao.

Anayeanzia Sakifa lazima pia arudi nyuma miezi mitatu, mpaka Ghadir Khum, kati ya Maka na Madina, ambako Mtume alisema kwamba yeyote ambaye yeye ni maula wake, basi Ali ni maula wake. Maula ni neno linaloweza kumaanisha bwana au rafiki, na maneno haya yamepokelewa na pande zote mbili. Shia wanayasoma kama uteuzi. Sunni wanayasoma kama agizo la kumpenda na kumheshimu Ali baada ya watu kumlalamikia.

Kwa hiyo Sakifa inakupa hoja karibu zote: uchaguzi wa haraka wa wachache walio na uzito, haki ya Kureshi, haki ya waliotangulia kusilimu, na haki ya jamaa wa Mtume ambao hawakuwapo. Mwanafunzi anayetaka kuelewa mabishano ya kielimu kati ya Sunni na Shia hawezi kuikwepa.

Lakini kama maelezo ya jinsi matawi yalivyotokea, ina mapungufu mawili makubwa. La kwanza: waliogombana pale hawakuzaa tawi lolote. Wapinzani halisi ndani ya banda walikuwa Ansari, na hakuna madhehebu ya Kiansari duniani. Madai yao yalikwisha na Saad bin Ubada. Tawi la Shia linatokana na mtu ambaye hakuwamo mkutanoni. La pili: kwa miaka ishirini na minne iliyofuata, hakukuwa na jumuiya mbili. Ali aliswali na wenzake, alishauriwa katika hukumu, na hakuinua upanga. Wapo waliomwona anastahili zaidi, akina Salman, Abu Dharr, Mikdad na Ammar, lakini walikuwa watu wenye maoni, si kundi lenye jeshi, hazina au msikiti wake.

Na zaidi ya hapo, Ibadhi hawamo kabisa. Wao wanaukubali uongozi wa Abubakar na wa Umar bila shida. Ukiishia Sakifa, utakuwa na matawi mawili tu, na msikilizaji wa Unguja, ambako masultani wa Busaidi walikuwa Ibadhi na makadhi wa Kiibadhi walikaa pamoja na wa Kishafii, atakuuliza hawa wa tatu wametoka wapi.

Katikati: watu sita na swali moja la Abdurrahman

Wengi huruka mwaka 644, na si haki kuuruka wote. Umar, akiwa amechomwa kisu na anakufa, hakumteua mtu mmoja. Aliwateua sita wachague mmoja wao: Ali, Uthman, Abdurrahman bin Auf, Talha, Zubair na Saad bin Abi Wakkas. Wote Makureshi, hakuna Ansari hata mmoja. Abdurrahman alijitoa kwenye kugombea ili awe mwamuzi, na mwishowe akawauliza Ali na Uthman swali lilelile: utafuata Kitabu cha Mungu, Suna ya Mtume, na mwenendo wa makhalifa wawili waliotangulia? Uthman alikubali yote. Ali, kwa riwaya zinazojulikana, alijibu kwa tahadhari kuhusu hilo la tatu, kwamba atajitahidi kwa kadiri ya elimu na uwezo wake. Uthman akapewa.

Katika swali hilo kuna mgogoro mzima wa baadaye: je, uamuzi wa watangulizi ni sheria kwa anayefuata? Ila hata hapa hakuna aliyejitenga. Ali alitoa baia.

Siffin, 656 hadi 661: mahali makundi yanapozaliwa

Ili kuelewa Siffin, anza na mshahara. Umar alianzisha daftari la posho zilizotokana na mapato ya nchi zilizotekwa. Viwango vilipangwa kwa utangulizi katika Uislamu: aliyepigana Badr alipata dirhamu 5,000 kwa mwaka, na waliochelewa wakapata mamia machache tu. Kufa na Basra, kambi za jeshi zilizojengwa Iraki zama zake, zilijaa watu wa aina mbili: wachache wenye utangulizi, na maelfu ya wapiganaji wapya wenye posho ndogo na matumaini makubwa. Mradi ushindi ulileta ngawira, mambo yalikwenda. Zama za Uthman kasi ya ushindi ilipungua, na posho zikabaki vilevile.

Juu ya hilo, Uthman aliweka jamaa zake katika nafasi kubwa. Basra ilipewa Abdullah bin Amir, binamu yake. Misri ilipewa Abdullah bin Saad bin Abi Sarh, ndugu yake wa kunyonya. Kufa ilipewa Walid bin Ukba, ndugu yake wa mama mmoja, kisha Said bin As, wa ukoo wao wa Banu Umaya. Shamu ilikuwa tayari chini ya Muawia bin Abi Sufian, wa ukoo huohuo, aliyewekwa na Umar. Said bin As anasimuliwa kusema mbele ya watu wa Kufa kwamba ardhi ya rutuba ya Iraki ni bustani ya Makureshi. Kwa walioiteka ardhi hiyo kwa mikono yao, kauli hiyo ilikuwa petroli kwenye moto. Watetezi wa Uthman wanasema alikuwa anajaribu kuishika dola iliyotawanyika kwa watu anaowaamini, na hoja hiyo ina uzito wake. Mtawala wa Madina hakuwa na njia nyingi za kumdhibiti gavana wa Misri.

Mwaka 656 vikundi kutoka Misri, Kufa na Basra vilifika Madina kudai mageuzi, vikaizingira nyumba ya khalifa, na mwezi Juni vikamuua. Ali akapewa baia siku hizohizo, katika mji ambao waliomuua mtangulizi wake walikuwa bado wanatembea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Muawia hakusema mwanzoni kwamba yeye ndiye khalifa. Alisema yeye ni jamaa wa aliyeuawa, na Kurani, katika Sura ya 17 aya ya 33, imempa walii, yaani jamaa mwenye haki, wa aliyeuawa kwa dhuluma mamlaka ya kudai haki. Wakabidhiwe kwanza wauaji, ndipo nitoe baia. Ali akajibu kinyume chake: toa baia kwanza, kisha kesi iletwe mbele ya mtawala. Hakuna dola inayoweza kuendesha kesi ikiwa gavana hajaitambua. Lakini pia baadhi ya watu waliokuwa mstari wa mbele dhidi ya Uthman sasa walikuwa nguzo za jeshi la Ali, akiwamo Malik al-Ashtar. Kuwakabidhi kulimaanisha kulivunja jeshi lake. Kila upande ulikuwa na hoja ya sheria iliyolingana kabisa na maslahi yake. Ndiyo maana mazungumzo hayakufika popote.

Kwanza Ali alipigana na Aisha, Talha na Zubair karibu na Basra, Desemba 656, katika vita vya Ngamia. Talha na Zubair wakafa. Kisha akaelekea Siffin, ukingoni mwa mto Furati karibu na Raka, ambako alikutana na Muawia katikati ya mwaka 657. Baada ya siku kadhaa za mapigano makali, watu wa Shamu, kwa ushauri wa Amr bin As, waliinua misahafu kwenye ncha za mikuki: Kitabu cha Mungu kiamue baina yetu. Ali aliona ni hila. Lakini sehemu kubwa ya jeshi lake, iliyokuwa imechoka na kuogopa kwamba mipaka itabaki bila ulinzi, ilimlazimisha akubali.

Ngojea hapa, kwa sababu hati iliyoandikwa ndiyo inayogawanya watu. Mwandishi alianza na "Ali, Amirul Muuminina". Upande wa Shamu ukakataa: huyo ni amiri wenu, si wetu, angekuwa amiri wetu tusingempiga vita. Jina likaandikwa bila cheo. Ali alikumbusha kwamba hata Mtume, katika mkataba wa Hudaibia mwaka 628, alikubali maneno "Mtume wa Mungu" yafutwe. Mfano huo ulikuwa mzuri kidini, lakini kisiasa hati ilikuwa imewaweka khalifa na gavana mwasi kwenye mizani moja. Waamuzi wakawa wawili: Amr bin As kwa Muawia, na Abu Musa al-Ashari kwa Ali. Abu Musa hakuwa chaguo la Ali. Alikuwa amewashauri watu wa Kufa wasiingie katika vita hivi, na watu wa Ali wenyewe ndio waliomng'ang'ania. Na hati haikutaja wazi ni swali gani waamuzi wanaamua. Ni nani alimuua Uthman? Je, aliuawa kwa haki? Au nani awe khalifa? Kila mmoja alitia saini akiwa na swali lake kichwani.

Al-Ashath bin Kais, mkuu wa kabila la Kinda, alipopita kwenye vikosi akiisoma hati, baadhi ya watu, hasa wa Banu Tamim, wakapaza sauti: hakuna hukumu isipokuwa ya Mungu. Hoja yao inadhihakiwa mara nyingi, kumbe ilikuwa na mantiki. Sura ya 49 aya ya 9 inaamuru kulipiga kundi linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mungu. Kama Muawia ni mdhulumu, Mungu ameshahukumu. Kuwapa watu wawili waamue ni kukiri kwamba unatilia shaka. Kama si mdhulumu, kwa nini tulimpiga? Wakajitenga Harura, nje ya Kufa. Ali aliwarejesha kwa mazungumzo, lakini alipomtuma Abu Musa kweli, maelfu waliondoka tena na kumchagua kiongozi wao, Abdullah bin Wahb wa Banu Rasib, tawi la Azd. Hakuwa Mkureshi, na kwa jumuiya ya Waislamu hilo lilikuwa jipya. Mwaka 658 Ali aliwapiga Nahrawan na wengi wakafa, pamoja na Abdullah.

Upande wa pili wa kambi yake, waliobaki walimwendea Ali na kumpa baia ya pili: sisi ni marafiki wa unayemfanya rafiki, na maadui wa unayemfanya adui. Hii si baia ya kawaida ya raia kwa mtawala. Ni uaminifu kwa mtu mwenyewe, na ndipo neno Shia wa Ali linapoanza kubeba uzito wa kundi linalojitambua.

Uamuzi wenyewe ulikwisha vibaya. Kisa maarufu ni kwamba Abu Musa alisimama kwanza akawaondoa wote wawili, kisha Amr akasimama akamthibitisha Muawia. Kisa hicho ni kizuri mno kwa msimuliaji, kwa hiyo kitumie kwa uangalifu. Riwaya zinapishana kuhusu walikutana wapi na walikubaliana nini. Kilicho wazi ni matokeo: Ali hakuukubali, watu wa Shamu wakamwamkua Muawia kama khalifa, na Misri ikatoka mikononi mwa Ali. Januari 661 Ali aliuawa Kufa na Abdurrahman bin Muljam, mmoja wa waliojitenga. Mwanawe Hasan akasuluhishana na Muawia mwaka huohuo.

Sasa hesabu makundi. Wapo waliobaki na Ali kwa baia ya pili. Wapo waliojitenga, ambao miaka ya 680 kule Basra waligawanyika tena: akina Nafi bin Azrak wakaona Waislamu wengine wote ni maadui halali wa kuuawa, na wenzao wakalikataa hilo. Kutokana na hao wa pili wakatoka Ibadhi, walioitwa kwa jina la Abdullah bin Ibadh lakini wanaomhesabu Jabir bin Zaid, mwanachuoni wa Oman aliyeishi Basra, kuwa mwalimu wao. Ibadhi wa leo hawapendi kuitwa Khawariji, jina walilopewa hao waliojitenga, na wana haki: kilichowaumba ni kule kukataa ukatili wa wale. Lakini swali lao la uongozi, kwamba imamu ni mwadilifu yeyote aliyechaguliwa bila kujali nasaba, na kwamba akipotoka anaondolewa, linatoka moja kwa moja kwa Abdullah bin Wahb.

Na Sunni? Wengi hudhani ni chama cha Muawia, na hili ndilo kosa linaloharibu masimulizi mengi. Wanazuoni wa Kisunni wanasema Ali ndiye aliyekuwa khalifa halali pale Siffin. Mzizi wao wa kisiasa umo zaidi kwa wale waliokataa kushika upanga upande wowote: Saad bin Abi Wakkas, Abdullah bin Umar, Usama bin Zaid, Muhammad bin Maslama. Msimamo wao ulikuwa kwamba fitina ni mbaya kuliko mtawala mwenye kasoro, na umoja wa jamaa unatangulia. Msimamo huo, miaka mia mbili baadaye, ukawa sehemu ya neno lenyewe: Ahlu Suna wal Jamaa. Hata kumtaja Ali kuwa wa nne katika makhalifa waongofu hakukukubalika mara moja kwa kila mtu. Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 855, ni miongoni mwa waliolisimamia.

Karbala, 680: kundi linakuwa imani

Hapa nitakwenda haraka, si kwa kuwa tukio ni dogo, bali kwa kuwa kama maelezo ya siasa linahitaji maneno machache. Muawia alibadilisha utaratibu: akiwa hai alidai baia kwa ajili ya mwanawe Yazid. Si mkutano wa ghafla, si watu sita, si uteuzi wa mtu asiye jamaa kama Abubakar alivyomteua Umar, bali baba kwa mwana. Wana wa masahaba wakubwa walikataa, wakiwamo Husein bin Ali, mjukuu wa Mtume, na Abdullah bin Zubair. Muawia alipofariki mwaka 680, watu wa Kufa walimwandikia Husein barua wakimwita. Akatangulizwa Muslim bin Akil, gavana Ubaidullah bin Ziyad akamuua, na Kufa ikanywea. Tarehe 10 Muharram, Oktoba 680, Husein aliuawa Karbala na kikundi kidogo cha jamaa na wafuasi, 72 kwa hesabu inayokaririwa.

Kamanda wa jeshi lililomuua alikuwa Umar bin Saad, mtoto wa yule Saad bin Abi Wakkas aliyekuwa mmoja wa sita na aliyekataa kushika upanga Siffin. Mwanahistoria yeyote angelitaja hilo, kwa sababu linaonyesha jinsi kutochukua upande kwa baba kulivyogeuka utumishi wa dola kwa mwana ndani ya kizazi kimoja.

Karbala ndiyo inayoeleza majonzi ya Muharram, majuto ya watu wa Kufa walioinuka mwaka 684 wakijiita Wenye Kutubu, na kwa nini Shia si tena chama cha mkoa. Haielezi kwa nini kulikuwa na Shia wa kumwita Husein. Pia inapotosha ikisimuliwa kama vita ya Sunni na Shia, kwani Sunni nao wanamlilia Husein, na Yazid hana watetezi wengi kwao. Na Ibadhi, kwa mara nyingine, hawamo.

Uchague ipi?

Ukiwa na darasa la watu wazima wanaotaka kusoma mabishano ya kielimu, Ghadir, uimamu wa nass, yaani wa uteuzi wa wazi, uadilifu wa masahaba, chagua Sakifa. Ila waambie mapema kwamba pande zote mbili zinaisoma Sakifa kwa macho ya karne zilizofuata. Fundisho la uimamu wa uteuzi lilipata umbo lake lililokamilika katika zama za Imamu Jaafar Sadik, aliyefariki mwaka 765, na baada yake. Vivyo hivyo masimulizi ya kina tunayoyategemea, kama ya Tabari, aliyefariki mwaka 923, yalikusanywa muda mrefu baada ya tukio. Mwanafunzi akiandika kwamba "Umar alikuwa Sunni", mrudishie daftari.

Ukiwa unamweleza mtu aliyeona matembezi ya Muharram Unguja au Mombasa na anataka kujua wanalilia nini, anza Karbala moja kwa moja. Kumrudisha mpaka Sakifa kabla hujamwambia Husein ni nani ni kumchosha bure.

Kwa wengine wote, hasa wa pwani yetu, ambako katika mji mmoja unaweza kukuta msikiti wa Kishafii, wa Kiibadhi, wa Khoja Ithnaashari na wa Bohora, mimi ningechagua miaka ya 656 hadi 661. Ndicho kipindi pekee kinachokupa matawi matatu badala ya mawili, na kinachoonyesha kwamba yalitengana kwa maamuzi yaliyofanywa na watu chini ya shinikizo, siku kwa siku: posho, magavana, kesi ya mauaji, hati isiyotaja swali. Kasoro yake ni kwamba majina ni mengi na kisa ni kirefu. Dawa yake ni kuishika hati ya Siffin iwe uti wa masimulizi, na kumwuliza msikilizaji katika kila hatua: wewe ungekuwa Kufa, ungebaki na Ali, ungeondoka, au ungekaa nyumbani? Majibu hayo matatu ndiyo matawi matatu.

Utajua masimulizi yako yamepotoka kwa dalili mbili. Ya kwanza ni umefika mwisho na Ibadhi hawajatajwa. Ya pili ni umejikuta unaeleza mgawanyiko kama ugomvi wa Waarabu na Waajemi. Waliopigana Siffin walikuwa Waarabu pande zote, Kufa ilikuwa kambi ya Kiarabu, na Uajemi haukuwa dola ya Kishia mpaka ukoo wa kifalme wa Wasafavi ulipoingia madarakani mwaka 1501, zaidi ya miaka mia nane baadaye.

Ukishamaliza na suluhu ya Hasan mwaka 661, rudi nyuma uieleze Sakifa kwa dakika chache, kisha nenda mbele mpaka Karbala. Kwa mpangilio huo msikilizaji anafika Sakifa akiwa tayari anajua kwa nini watu bado wanabishana kuhusu mkutano uliochukua saa chache, na anafika Karbala akiwa anajua barua za watu wa Kufa zilitoka kwa kina nani.